Kontena moja la vipuri vya baiskeli na bei tano za dola: kisa cha muagizaji wa Ngamiani

Kisa hiki ni cha mfano. Tumekijenga kwa hesabu za kawaida za duka la jumla la vipuri vya baiskeli Ngamiani, Tanga, na mwendo wa dola tumeufuatisha na mwendo halisi wa shilingi mwaka 2024. Mwaka ule ulianza dola ikiwa karibu na shilingi 2,500, ikapanda hadi kupita 2,700 kati ya Septemba na Oktoba, kisha ikashuka chini ya 2,500 kabla mwaka haujaisha. Namba tumezisawazisha ili msomaji azifuate kwa kalamu na karatasi.

Duka letu huagiza kutoka Tianjin, China, kwenye viwanda vingi vya baiskeli: matairi, tyubu, minyororo, spoki, pedeli, gololi. Kontena moja la futi 40, pamoja na nauli ya meli hadi bandari ya Tanga, ni dola 50,000. Masharti ya kiwanda ni yale yanayojulikana: asilimia 30 ya kutangulia kwa TT, ule uhamisho wa pesa wa benki kwa benki, yaani dola 15,000, na asilimia 70 iliyobaki, dola 35,000, kabla ya kuachiliwa kwa hati za mzigo. Wateja wa duka ni wenye maduka madogo ya mjini na wale wa Muheza, Korogwe na Lushoto.

Mwishoni mwa Mei mwenye duka akapiga hesabu. Benki ilikuwa inauza dola kwa 2,610. Dola 50,000 zikawa milioni 130.5. Ushuru wa forodha tuuchukue asilimia 10, yaani milioni 13.05. Wakala wa forodha, gharama za bandarini, bima na gari hadi stoo, milioni 9. VAT tumeiweka pembeni, kwa sababu aliyesajiliwa huirudisha akiuza, ingawa bandarini atailipa kwanza. Jumla ya gharama ikawa milioni 152.55. Akaongeza asilimia 12 hivi, akapata mauzo ya milioni 171 na faida ya milioni 18.45.

Mpaka hapo hajakosea. Kosa lilikuja jioni ileile, alipowapigia simu wateja wa mikoani. "Mzee, mzigo unakuja, bei ni hii, nikuandikie ngapi?" Nusu ya kontena ikawa na wenyewe, kwa bei iliyokubaliwa kwa mdomo na kuandikwa kwenye daftari. Hakuna aliyetoa hata senti. Kwa maneno mengine, alijifunga kuuza bidhaa za milioni 85.5 kwa bei ya shilingi isiyobadilika, huku dola 35,000 za kumalizia kontena akiwa hajazigusa.

Nini kilitokea

Kiwanda kilichelewa, jambo la kawaida. Mzigo uliotarajiwa kuwa tayari mwishoni mwa Julai ukawa tayari Septemba. Alipokwenda benki akakuta foleni ya dola. Benki ikampa kidogo kidogo: dola 10,000 kwa 2,700, wiki iliyofuata 12,000 kwa 2,720, na mwisho 13,000 kwa 2,740. Dola 35,000 zile, ambazo kwenye daftari zilikuwa milioni 91.35, zikamgharimu milioni 95.26. Pengo ni milioni 3.91.

Mzigo ulifika Tanga mwanzoni mwa Novemba. Hapa wengi husahau kwamba dola bado haijamaliza kazi yake. TRA hukadiria ushuru kwa kugeuza thamani ya mzigo kuwa shilingi, na hutumia kiwango cha wakati wa kuutoa mzigo. Kile cha Mei ulipopiga hesabu hakiwahusu. Kwa kiwango cha 2,700 ushuru ukawa milioni 13.5, yaani laki nne na nusu zaidi. Gharama yote ikafika milioni 156.91.

Kama aliyeandikiwa bei asingebadilika, na nusu nyingine ikauzwa kama ilivyopangwa, faida ingekuwa milioni 14.09. Si haba. Lakini kumbuka zile wiki za Septemba. Mwenye duka alipoona dola inapanda na foleni inarefuka, akaingiwa na hofu. Alikuwa na profoma, ile ankara ya awali ya kiwanda, ya kontena lijalo, akaitumia kununua dola 10,000 za ziada kwa 2,740 na kuziweka kwenye akaunti yake ya dola. "Zikifika 3,000 nitakuwa salama."

Desemba dola ikashuka hadi karibu 2,450. Dola zile 10,000, ambazo angeweza kuzinunua wakati ule kwa milioni 24.5, alikuwa amezinunua kwa milioni 27.4. Milioni 2.9 zimekwenda, na hazionekani kwenye risiti yoyote.

Kisha likaja pigo kubwa zaidi. Muagizaji mwingine mjini, aliyekuwa amepewa na kiwanda muda wa siku 90 wa kulipa, alilipa mzigo wake Desemba kwa 2,450. Kontena kama hilihili likamgharimu milioni 122.5, ushuru milioni 12.25, na gharama nyingine milioni 9, jumla milioni 143.75. Kwa faida ileile ya asilimia 12 angeweza kuuza kontena zima kwa milioni 161. Kufikia Januari bei yake ikawa ndiyo bei ya mji. Nusu ya pili ya mzigo wa mtu wetu, iliyopangwa kuuzwa milioni 85.5, ikalazimika kwenda kwa milioni 80.5. Milioni 5 nyingine.

Faida iliyobaki: milioni 9.09 kwenye kontena, na ukitoa hasara ya dola za ziada, milioni 6.19. Theluthi moja ya alichotarajia.

Pengo lilikuwa wapi

Ukimuuliza mwenye duka nini kilimuumiza, atajibu dola kupanda. Daftari lake linasema vingine. Kupanda kwa dola kulimla milioni 4.36, yaani 3.91 za kiwanda na 0.45 za ushuru. Kushuka kwake kulimla milioni 7.9. Hili ni la kuzingatia, maana ushauri mwingi unaozunguka ni "nunua dola mapema", na ushauri huo unaona upande mmoja tu wa barabara.

Kontena lilikuwa na siku tano ambazo bei ya dola iligusa mfuko wake: siku ya kutanguliza, siku ya kuwapa wateja bei, siku ya kumalizia, siku ya kutoa mzigo bandarini, na siku ya kuuza. Hatari haikai kwenye dola yenyewe. Inakaa kwenye umbali kati ya siku uliyoipanga bei ya kuuza na siku uliyonunua dola za kugharamia bidhaa hiyohiyo. Siku hizo mbili zikikutana, dola iende juu au chini, faida yako imekaa palepale. Zikiachana miezi mitatu, unacheza kamari hata kama hujui.

Ndiyo maana nusu mbili za kontena lile zilihitaji dawa tofauti. Nusu iliyoahidiwa kwa bei maalumu ilikuwa hatarini dola ikipanda, kwa hiyo ilihitaji dola zake zifungwe siku ileile ya ahadi. Nusu isiyoahidiwa ina kinga yake ya asili: dola ikipanda, waagizaji wote wanaumia pamoja, na bei ya mjini hupanda. Ukiinunulia dola mapema mno unaivua kinga hiyo, na ikishuka unabaki na mzigo ghali peke yako. Kinga hiyo si kamili. Kama kuna mwenye stoo iliyojaa mzigo wa zamani, bei haipandi mpaka auze, na mteja wa kijijini akishindwa bei mpya haendi dukani, anaziba tyubu yake kiraka cha sita. Lakini ipo, na kuijua kunaokoa pesa.

Hesabu ya kufanya kabla ya kuinua simu

Kwanza ujue ni dola ngapi bado ziko wazi. Baada ya kutanguliza 15,000, mwenye duka alibakiwa na 35,000 za kiwanda. Ushuru wa asilimia 10 ya dola 50,000 ni sawa na dola 5,000 nyingine, ingawa zinalipwa kwa shilingi. Jumla 40,000. Maana yake kila dola ikipanda shilingi 10, laki nne zinatoka kwenye faida. Hiyo namba moja, laki nne kwa kila shilingi kumi, iandikwe kwa kalamu nene juu ya ukurasa wa kontena.

Kutokana nayo unapata kikomo. Faida ya milioni 18.45 ukiigawa kwa 40,000 unapata shilingi 461. Dola ikifika 3,071 kabla hujalipa, na bei zako zote zimefungwa, umefanya kazi bure. Mwenye faida nyembamba ya asilimia 5 kikomo chake kiko karibu kuliko anavyodhani, na huyo hana ruhusa ya kuahidi bei bila kufunga dola.

Hatua hii ilipuuzwa na wengi kwa sababu inayoeleweka. Kwa miaka kadhaa hadi 2022 dola ilikaa karibu na 2,300, ikisogea shilingi chache tu. Mtu aliyejifunza biashara miaka ile alizoea kuichukulia dola kama urefu wa mita, haubadiliki. Uhaba wa dola wa 2023 ndio uliovunja mazoea hayo.

Kufunga dola kwa pesa ya mteja

Njia rahisi kuliko zote haipiti benki kwanza, inapita kwa mteja. Anayetaka bei ya leo kwa mzigo wa miezi mitatu ijayo atangulize asilimia 40. Asiyetanguliza ataandikiwa idadi tu, na bei ataipata kontena likifika. Kwa nusu ya kontena, milioni 85.5, asilimia 40 ni milioni 34.2. Pesa hiyo isikae hata usiku mmoja kwenye shilingi, na isilipie kodi ya fremu wala karo. Inunulie dola siku ileile: kwa 2,610 unapata dola 13,100. Sehemu ya dola za kumalizia inayohusu bidhaa zilizoahidiwa ni 17,500, kwa hiyo robo tatu yake imeshafungwa. Pengo la 4,400 lililobaki halikunyimi usingizi, au unaliziba kwa akiba yako mwenyewe.

Wateja watalalamika. Baadhi watakwenda kwa mwingine anayeahidi bei bila kutaka kitu, na wakati mwingine itabidi umwache aende, kwa sababu anachokuomba ni bima ya bure. Wa kati unaweza kumpa bei ya siku 14, imeandikwa kwenye profoma yako, kisha inakufa. Jambo moja la kuangalia: tangu kanuni za Machi 2025 zilipotoka, ni kosa kutaja au kutoza bei ya bidhaa ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Ile desturi ya kumwandikia mteja wa Korogwe "dola mbili na nusu kwa tairi, tutageuza siku ya kulipa" haipo tena. Kumlipa muuzaji wa nje kwa dola hakujakatazwa, lakini muda mfupi wa bei ya shilingi ndiyo kinga uliyobaki nayo upande wa mauzo.

Je, anunue zote kwa mkopo?

Swali hili huulizwa kila dola ikianza kutikisika. Mwenye duka ana ovadrafti ya asilimia 16 kwa mwaka. Kwa nini asinunue dola zote 35,000 mwishoni mwa Mei? Zingemgharimu milioni 91.35. Riba ya asilimia 16 kwa siku 105 hadi katikati ya Septemba ni milioni 4.2. Hasara aliyoipata kwa kusubiri ilikuwa milioni 3.91. Yaani hata katika msimu ambao dola ilipanda kweli, kukopa ili kuilimbikiza kungemgharimu zaidi. Na kama isingepanda, angelipa milioni 4.2 hizo kwa ajili ya hofu tu. Pesa yako iliyolala ni jambo jingine. Ya mkopo usiifanyie hivyo kabla hujapiga hesabu ya riba.

Mkataba wa bei ya mbele

Hapa ndipo benki inaweza kusaidia, na waagizaji wengi wa Tanga hawajawahi kuuliza. Mabenki wanauita fowadi. Mnakubaliana leo kwamba tarehe fulani utanunua dola kiasi fulani kwa bei fulani, na siku hiyo ikifika mnatimiza, soko liwe limekwenda wapi.

Bei hiyo si utabiri wa benki. Inatokana na tofauti ya riba. Benki inayokuahidi dola za Septemba inaweza kuzinunua leo na kuziweka. Inapoteza riba ya shilingi na kupata riba ya dola, ambayo ni ndogo, na tofauti hiyo inakutoza wewe. Tuseme riba ya shilingi ni asilimia 8 na ya dola asilimia 5.3. Kwa siku 105, dola ya 2,610 inakuwa karibu 2,630. Ongeza faida ya benki, tuseme umefika 2,650. Ukipewa bei iliyo mbali sana juu ya hesabu hii, uliza kwa nini, kisha piga simu benki nyingine.

Kwa 2,650 zile dola 35,000 zingekuwa milioni 92.75, pungufu milioni 2.51 kuliko alizolipa. Lakini kwa kanuni yetu angefunga zile za bidhaa zilizoahidiwa tu, 17,500 au pengo lililobaki baada ya pesa za wateja.

Benki itataka profoma ya kiwanda, na ama uwe na kikomo cha mkopo kwao au uweke dhamana ya fedha. Kinachoharibika mara nyingi ni tarehe. Kiwanda kikichelewa, mkataba wako hauchelewi. Siku ikifika lazima uzichukue dola na kuzilipia, ingawa mzigo bado uko kwenye mashine, au uombe kusogeza mbele kwa gharama. Kwa hiyo omba mkataba wenye dirisha la kuchukua, kwa mfano kati ya Septemba 1 na 30, badala ya siku moja, na usifunge asilimia 100 ya kiasi kama kiwanda kina historia ya kubadilisha idadi. Siku za uhaba mkali nazo, benki nyingi hazitakuuzia fowadi kwa urahisi, kwa sababu zenyewe hazina uhakika wa kuzipata. Mwavuli unanunuliwa kiangazi.

Foleni na vijisenti

Uhaba ni hatari ya pili, tofauti na bei. Unaweza kuwa tayari kulipa 2,740 na bado usizipate, hati zikakaa kiwandani, mzigo ukafika kabla ya hati, na gharama za kuhifadhi kontena zikaanza kuhesabika. Dalili huonekana wiki kadhaa kabla: tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza ya benki inapanuka, bei ya benki inaachana na ile ambayo Benki Kuu huitoa kila siku kwenye tovuti yake, na afisa wa benki anaanza kukuuliza "unahitaji lini hasa?" Ukiziona, peleka profoma na maombi mapema na uombe kwa vipande. Dola za kigeni huja zaidi nusu ya pili ya mwaka, watalii kuanzia katikati ya mwaka na korosho kuanzia Oktoba, kwa hiyo mwenye uwezo wa kuchagua asiweke malipo makubwa kati ya Machi na Mei.

Bei ya benki nayo inajadiliwa. Shilingi 10 za punguzo kwenye dola 35,000 ni laki tatu na nusu, zaidi ya mshahara wa kijana wa stoo kwa mwezi. Piga simu benki tatu asubuhi ileile, taja kiasi, uliza na ada ya TT. Muuza dola wa mitaani asikudanganye kwa bei nzuri: ni kinyume cha sheria, na dola isiyo na karatasi itakusumbua benki inapokuuliza imetoka wapi.

Kontena lilelile likipitishwa upya

Mei, pesa za wateja zinanunua dola 13,000 kwa 2,610, milioni 33.93. Mwishoni mwa Juni akiba ya duka inanunua 11,000 kwa 2,640, milioni 29.04. Zilizobaki, 11,000, zinasubiri Septemba kwa 2,730, milioni 30.03. Jumla milioni 93 badala ya 95.26. Hakuna dola za ziada za hofu, kwa hiyo milioni 2.9 nyingine zimebaki nyumbani. Faida ya kontena, hata kwa kushusha nusu ya pili hadi bei ya Januari, inakuwa milioni 11.35, badala ya zile 6.19.

Milioni 5 za kushuka kwa bei hazikurudi, wala hakuna mbinu ya benki ingezirudisha bila gharama. Zingepunguzwa na jambo la stoo zaidi kuliko la dola: kuuza haraka Novemba na Desemba, kabla mzigo wa bei mpya haujashuka, hata kwa punguzo la asilimia 2. Nusu isiyoahidiwa ilikaa miezi mitatu kwa sababu mwenye duka alishikilia bei ya daftari la Mei.